Oda za Idd: siku ya kuchukua isingoje mwezi

Ukioka nyumbani na unapokea oda za Idd, mteja atauliza bei kwanza, kisha atauliza, "Nije kuchukua lini?" Hilo la pili ndilo gumu. Wenzetu wa Krismasi wana tarehe 25 kila mwaka, lakini sisi tunangoja mwezi. Jioni ya 29 Ramadhani ukiandama, kesho ni Idd. Usipoandama, tunakamilisha 30. Tangazo la BAKWATA linaweza kutoka watu wameshafuturu na wewe bado una unga mikononi. Tena kuna wateja wanaofuata mwandamo wa kimataifa, na hao huenda wakasali siku moja kabla ya jirani yao.

Mimi naokea nyumbani, Magomeni, na utaratibu wangu wote umesimama kwenye jambo moja: mzigo wa mteja unatoka kwangu kabla mwezi haujatafutwa. Anayetaka kuja asubuhi ya Idd namwambia mapema kwamba asubuhi hiyo sipo jikoni.

Kuna hesabu ndogo inayosaidia. Siku ya 29 ya mfungo huangukia siku ileile ya juma tuliyoanza kufunga. Tukianza Alhamisi, ya 29 ni Alhamisi. Waliotangulia Jumatano, yao ni Jumatano. Kwa hiyo mwezi wa Ramadhani ukishaandama tu, siku zangu mbili za kuchukua zinajulikana, nami natangaza oda kesho yake. Kwenye tangazo siandiki "tarehe 29 Ramadhani" peke yake, kwa sababu wateja wangu hawana 29 moja. Naandika siku na tarehe ya kalenda ya ukutani.

Sasa kikomo. Wengi huweka namba moja ya oda zote, na hapo ndipo mambo huharibika, kwa sababu kileja na keki haviozi kwa mwendo mmoja. Vileja, nankhatai na visheti vikipoa vizuri na kufungiwa kwenye kopo lisilopitisha hewa, vinakaa wiki mbili bila wasiwasi. Hivyo naweza kuanza kuvitengeneza katikati ya mfungo. Keki ni ya siku mbili za mwisho, huwezi kuitanguliza.

Tuchukue vileja. Oveni yangu ya gesi inaingiza trei mbili, kila moja vileja 40. Moto ni mdogo, kwa hiyo mzunguko mmoja, pamoja na kutoa na kuingiza, ni kama nusu saa. Saa moja inanipa 160, na nikioka saa nne kwa siku napata 640, yaani maboksi 16 ya vileja arobaini. Lakini kileja cha unga wa mchele ni chepesi kuvunjika, mtungi wa gesi nao huisha wakati wake, kwa hiyo nahesabu 12 tu. Siku kumi za kuoka ni maboksi 120, na hicho ndicho kikomo ninachotangaza. (Ukiwa umefunga huwezi kuonja kwa raha, basi mizani iwe mezani muda wote. Sukari ya kukadiria kwa jicho, mwezi huu iache.)

Kwa keki, oveni siyo inayoamua. Kinachoamua ni friji. Yangu inabeba keki nane za inchi nane zilizokwisha kupambwa, bila kugusana. Basi keki nane Jumatano, nane Alhamisi, na ya tisa haipo hata akiomba shangazi. Na kwa kuwa mwezi unaweza kusukuma Idd mbele siku moja, keki za Idd napamba kwa krimu ya siagi tu. Krimu ya maziwa kwenye joto la Dar, mteja akaiweka juu ya kabati siku nzima akingoja tangazo, lawama itarudi kwako.

Jambo jingine ni kikomo cha kila mteja. Hadi kumi la mwanzo la Ramadhani liishe, mtu mmoja haagizi zaidi ya maboksi matano. Bila hivyo ofisi moja inayogawa zawadi inakumaliza siku ya kwanza, na wale wateja wa mtaani wanaokuunga mkono mwaka mzima wanakosa.

Arbuni ndipo watu huona haya, lakini iandikwe waziwazi. Mimi nachukua nusu, na nusu hiyo siyo ya kubahatisha. Boksi nauza 20,000. Samli, unga wa mchele, sukari, iliki, viini vya mayai, gesi na boksi lenyewe vinakula kama 9,000. Nusu ya bei inafunika gharama, kinachobaki ndiyo jasho langu. Vifaa vyako vikizidi nusu, pandisha bei kwanza kabla hujahangaika na arbuni. Bila arbuni oda haijaingia daftarini, hata kama tumechati usiku kucha.

Na akighairi? Hapa pana jambo la dini pia. Wengi wetu pwani ni Shafi, na madhehebu hayo hayakubali muuzaji aile arbuni bure mnunuzi akijitoa. Nimepanga hivi: hadi siku ya 15 ya mfungo, kabla sijanunua samli na mayai ya mwisho, anarudishiwa yote. Baada ya hapo anaweza kumwachia oda mtu mwingine, au mimi nikiiuza namrudishia arbuni yake. Kwa kweli Ramadhani ikiwa inaisha, boksi la vileja halikosi mnunuzi, na keki ya jina ndiyo pekee inayosumbua. Ndiyo maana keki yenye jina la mtu nachukua malipo yote mwanzoni.

Ujumbe ninaotuma baada ya pesa kuingia ni huu, na siufupishi:

"Asalaam alaykum dada. Nimepokea 30,000, arbuni ya maboksi 3 ya vileja. Salio 30,000, lilipwe kabla ya Jumanne usiku. Kuchukua ni Alhamisi, saa 5 asubuhi hadi saa 10 jioni. Anayesali mapema achukue Jumatano, saa zilezile. Kughairi mwisho siku ya 15 ya mfungo. Siku ya Idd hatufungui."

Salio nalitaka Jumanne kwa sababu jioni ya kuamkia sikukuu mtandao wa kutuma pesa huweza kugoma, na mteja anasimama mlangoni na simu inayozunguka tu huku adhana ya magharibi ikikaribia. Saa kumi ndiyo mwisho kwa sababu hiyohiyo: baada ya hapo barabara zinajaa wanaowahi futari, na bodaboda anayekimbiza futari hafai kubebeshwa keki. Vileja vinapanda bodaboda vikifungwa vizuri, keki inapanda bajaji, na nauli ni ya mteja.

Saa kumi na nusu ya Alhamisi ninapiga simu kwa walio bado hawajafika. Maboksi yao yakiwa yameshalipwa yote, nayaacha duka la jirani yakiwa na jina na namba ya oda juu ya kila moja, na mwenye duka ana orodha. Keki haiendi dukani, inabaki kwenye friji, na mwenyewe atabisha hodi.