Kwa makatibu wapya: usimpe mtu kazi ambayo hakupewa kikaoni

Wadogo zangu, wiki hii nimepitia mihtasari mitatu mliyoniletea. Majedwali ni safi: kila azimio lina mhusika, na kila mhusika ana tarehe. Kisha nikafungua nakala ya mazungumzo yenyewe nikaanza kuzitafuta hizo tarehe. Nne kati yake hazikutamkwa na mtu yeyote. Sikukasirika, maana najua zilikotoka. Nami nilizitoa huko huko, na aliyeumia alikuwa mtu mwingine.

1. Sikiliza kitenzi kabla hujaandika neno "azimio".

Lugha yetu inakusaidia sana hapa, ila mnaipita mbio. Mjumbe akisema "tupeleke sampuli maabara", anapendekeza. Akisema "tungepeleka", ana wazo lenye sharti, na sharti lenyewe huenda likatajwa sentensi mbili mbele. "Tutapeleka" ni nia, na hapo bado hujajua hiyo "tu" ni akina nani. Mwenyekiti akisema "tumekubaliana sampuli zipelekwe", hapo ndipo pa kuandika. Kuna wenyeviti ambao hufunga hoja kwa "basi, zipelekwe" tu, na hilo pia ni azimio, lakini angalia alilisema baada ya mjadala kwisha au katikati yake. Na "sawa", "haya" na "ndiyo, ndiyo" za wajumbe mara nyingi maana yake ni nakusikia, endelea. Msizihesabu kama kura.

2. Kisanduku kisicho na jibu kiandikwe "hakutajwa".

Hili nitalieleza kwa kirefu.

Nilikuwa na miezi michache kazini, katibu wa vikao vya mradi wa maji. Kikao kilikuwa Jumatano, tarehe 12, na rekodi yake ilizidi saa mbili. Ajenda nzito ilikuwa malipo ya awamu ya pili ya fundi aliyejenga tangi. Dakika ya 38 mwenyekiti alisema: "Fundi tungemlipa Ijumaa ijayo, kama taarifa ya ukaguzi ingekuwa mezani." Mjumbe mmoja akaitikia "sawa". Mimi hapo hapo nikaandika:

Azimio: Fundi alipwe awamu ya pili. Mhusika: Mhasibu. Tarehe: Ijumaa, tarehe 14.

Mstari mmoja, makosa manne. Sharti la ukaguzi nililiacha, kwa sababu lilifanya sentensi iwe ndefu. "Ijumaa ijayo" niliigeuza kuwa tarehe 14, ilhali kwa mtu anayezungumza Jumatano ingeweza kuwa 14 au 21, na hakuna aliyefafanua. Mhasibu nilimwandika kwa sababu malipo siku zote hufanywa na mhasibu, na kisanduku cha mhusika kilikuwa kitupu. Kosa la nne ndilo baya zaidi: niliacha kusoma nilipofika nilichokitaka. Dakika ya 47 mkaguzi alieleza kwamba tangi lilikuwa halijajazwa maji kupimwa kama linavuja, na mwenyekiti akasema, "Basi hilo la malipo tuliache kwanza." Kwa hiyo azimio lilikuwa kinyume cha nilichoandika.

Muhtasari ulisambazwa Alhamisi. Ijumaa fundi akafika ofisini na vijana wake, kwa sababu habari zilikuwa zimemfikia. Mhasibu hakuwa na hundi wala hakuwa na habari. Jumatatu akapewa barua ya kujieleza, na kiambatanisho chake kilikuwa muhtasari wangu.

Alikuja mezani kwangu na ile barua, hakupaza sauti. Akaniuliza: "Mdogo wangu, nilisema dakika ya ngapi kwamba nitalipa?" Nilikaa na rekodi mpaka jioni nikiitafuta hiyo dakika. Nilichokipata ni dakika ya 29, akiomba ruhusa kutoka kwenda benki. Sauti yake haisikiki tena hadi kikao kinafungwa. Nilikuwa nimempa kazi mtu ambaye hakuwemo chumbani. Nikaenda kwa mkuu wa mradi, nikakiri, barua ikaondolewa kwenye faili. Lakini mtu mwenye heshima zake alikuwa tayari amepoteza siku nzima akiandika maelezo ya kosa ambalo nililitunga mimi, na hilo sijalisahau.

Mstari ule ungepaswa kusomeka hivi: "Malipo ya awamu ya pili yameahirishwa hadi tangi lipimwe uvujaji. Mhusika wa upimaji: hakutajwa. Tarehe: haikutajwa." Mnaona haya kupeleka mstari wa namna hiyo kwa mkubwa. Msione haya. Mwenyekiti akiuona, siku hiyo hiyo atampigia mtu simu na kumpa kazi, na hapo utakuwa na jina la kweli. Ukiujaza wewe, hakuna atakayejua kwamba pengo lilikuwepo.

3. Ongeza safu ya nne: dakika.

Swali la mhasibu ndilo lililonipa utaratibu ninaoutumia mpaka leo. Pembeni ya azimio, mhusika na tarehe, weka dakika ambapo jambo lilisemwa, na maneno yenyewe kama yalivyotamkwa. Safu hiyo ni yako, unaweza kuiondoa kabla ya kusambaza. Ukimaliza, anza na mstari wa mwisho ukirudi juu, ili usivutwe na mtiririko wa hadithi uliyojiandikia. Kwa kila mstari nenda kwenye dakika yake, usome kuanzia dakika mbili kabla, kisha tafuta neno kuu la hoja hiyo hadi mwisho wa nakala. Mimi ningetafuta "fundi" na "malipo" tu, dakika ya 47 ingejitokeza. Mstari usiopata dakika unafutwa, hata kama unaamini moyoni kwamba ndivyo walivyomaanisha.

Kisha fanya safari ya pili, kutoka kwenye nakala kuja kwenye jedwali, ukitafuta uliloliacha. Wengi husahau "mengineyo", ambako watu wamechoka na maamuzi hupita haraka.

4. Nakala nayo huongopa.

Kila tarakimu na kila kukanusha kusikilizwe kwenye sauti, si kusomwa tu. "Kwa sasa hatutalipa" ikisemwa haraka, ile "ha" humezwa, na mchapaji huandika "kwa sasa tutalipa". "Saa tatu" huandikwa 3:00 wakati ni 9:00 asubuhi. Na "yeye atapeleka" haimtambulishi mtu mpaka urudi nyuma kuona aliyekuwa akizungumziwa. Ukikwama, muulize msemaji kwa ujumbe mfupi wenye maneno yake mwenyewe, na umuulize kabla ya kusambaza.

Mihtasari yenu mitatu nimeirudisha, nimeweka alama nyekundu kwenye zile tarehe nne. Anzeni na ule mstari wa tano wa kikao cha Jumanne, unaomtaka afisa ununuzi alete bei tatu za mabomba kufikia Alhamisi. Nimesikiliza rekodi mara mbili. Alichosema ni "tungetafuta bei". Mpigieni leo, maana nimemkuta asubuhi akiomba gari la kwenda kuzitafuta.