Akaunti ikifungwa katikati ya mtihani, andika saa kabla ya lawama

Katika mtihani wa mtandaoni, mtahini hakuwepo chumbani kwako. Anachokiona ni video yenye pengo na kumbukumbu za seva, na kwa macho yake pengo hilo halina tofauti na la mtu aliyezima kamera afungue daftari. Kwa hiyo barua yako ya kujieleza ilenge pengo hilo hasa.

Mimi nilikuwa Pasua, Moshi, nikifanya mtihani wa kitaaluma unaosimamiwa kwa kamera. Umeme ukakatika. Laptopu iliendelea kwa betri, lakini rauta ya nyumbani ikazima na kompyuta ikahamia kwenye rauta ndogo ya laini niliyoiweka akiba. Kuingia tena nikakuta "Your account has been locked". Mtandao ulipobadilika, anwani ya IP nayo ilibadilika, na kwa kuwa seva ilikuwa haijafunga kikao cha kwanza, mfumo ukaona akaunti moja imefunguliwa sehemu mbili.

Hapo usiendelee kubonyeza nywila. Kila jaribio linaloshindwa linaandikwa, na baadaye linasomeka vibaya. Kaa palepale mbele ya kamera. Simu usiiguse kabla msimamizi hajakuruhusu kupitia dirisha la msaada. Akikuruhusu, piga picha ya ujumbe wa kufungwa pamoja na saa iliyo pembeni ya skrini, pasipo swali lolote kuonekana. Picha yenye swali inakuletea kesi ya pili, ya kuvujisha mtihani, na hiyo ni nzito kuliko ya kwanza.

Kinachowaangusha wengi wetu ni saa. Ukiandika "saa nne na dakika 12", mtahini aliye nje ya nchi atatafuta tukio la 4:12 na hataliona. Saa hiyo ya asubuhi kwenye kompyuta ni 10:12, na seva nyingi huandika kwa saa ya kimataifa ya UTC, yaani 07:12, kwa kuwa sisi tuko mbele kwa saa tatu. Niliandika zote mbili:

10:12 (07:12 UTC): umeme umekatika, nimeshajibu hadi swali la 31.
10:15 (07:15 UTC): nimeingia kwa mtandao wa akiba, akaunti imefungwa.
10:18 (07:18 UTC): nimemwandikia msimamizi.

Dakika tatu ambazo kamera haikurekodi nilizitaja mwenyewe. Ushahidi wa umeme niliupata kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, ambapo jirani alikuwa ameuliza kama na kwetu umekatika. Nilituma skrinishoti yenye saa, majina na namba za watu nikiwa nimezifunika.

Barua niliituma siku ileile kwa imeili niliyojisajilia, ikiwa na namba ya mtahiniwa na ya kikao. Usiishie kuomba "msaada". Mimi niliomba walinganishe anwani hizo mbili za IP, wathibitishe majibu yaliyohifadhiwa hadi 07:12 UTC, kisha wanirudishie dakika zilizobaki au wanipangie tarehe nyingine. Walinipangia tarehe nyingine.