Andika gm na jina la mgeni, imeili yake hiyo hapo

Juzi kati kuna kaka wa Moshi anayepanga safari za mlima kaniandikia inboksi: "Dada, hivi wewe unafanyaje? Nimekupigia kuuliza ile grupu tuliyopeleka pamoja, sijamaliza hata kutaja jina la mgeni we ushaanza kunisomea tarehe zao za geti la Machame." Nilicheka, halafu nikamsomea mama ule ujumbe, maana sifa ukipewa lazima kuwe na shahidi. Nikamjibu kwa voisi, voisi ikawa ndefu, akasema hajaelewa ile sehemu ya asilimia esi, basi ngoja niandike hapa wote msome, ni shotikati ya kutafuta imeili ukiwa kwenye baa ya juu ya brauza.

Mimi nipo rizavesheni, kampuni ya safari hapa Arusha. Wenzangu wa kazi hii mnajua, kuanzia Juni mpaka Oktoba simu haitulii, na kila kitu kipo kwenye imeili: vocha za lodji, kopi za pasi, nani hali nyama, nani kabadilisha ndege atatua KIA usiku badala ya mchana. Sasa mgeni akipiga, au dreva akipiga yuko njiani Makuyuni anauliza jina la kambi, watu wengi wanafanya hivi, wanafungua tabu mpya, wanaandika gmail, wanasubiri inboksi yote ije na mameseji yake ya matangazo, wanapeleka mausi kwenye kiboksi cha kutafuta, wanaandika jina, wanabonyeza Enta. Na humo katikati lazima jicho lidondokee imeili mpya isiyohusika, ukaifungua, na dreva bado yupo hewani anasema haloo haloo.

Mimi nabonyeza Ctrl na L, kasa inaruka yenyewe kwenye ile baa ya juu ya anwani. Naandika gm, spesi, jina la mgeni, tuseme weber, Enta. Yanakuja majibu ya Weber tu, inboksi siioni kabisa.

Niseme ukweli ili msinidai, Gmail yenyewe bado inapakia, intaneti ikiwa mbovu ni mbovu tu. Unachokwepa ni inboksi na kubonyezabonyeza, na kwa mtu anayetafuta majina kutwa nzima hicho ndicho kinachokula muda.

Ofisi niliyokuwa zamani, siitaji, bosi aliwahi kunisimamisha mbele ya kikao cha asubuhi akasema "huyu binti anapenda kuchezea kompyuta badala ya kujibu wageni", kwa sababu alipita nyuma yangu akakuta nimefungua ukurasa wa setingi. Nilikuwa natengeneza kitu hikihiki. Watu wakacheka, na dada niliyekuwa nakaa naye meza moja akacheka zaidi ya wote. Baadaye huyohuyo bosi akiwa na mgeni mbele yake anahitaji vocha haraka alikuwa anamwita nani? Haya. Tuendelee.

Kwenye Chrome ya kompyuta bonyeza vidoti vitatu, nenda Settings, halafu Search engine, halafu Manage search engines and site search. Ukiona mbali andika hii kwenye baa ya juu ufike moja kwa moja:

```
chrome://settings/searchEngines
```

Shuka mpaka Site search, bonyeza Add. Vinakuja viboksi vitatu. Name ni jina lolote la kukukumbusha, mi nimeandika Imeili. Shortcut ndiyo ile herufi utakayokuwa unaandika, yangu ni gm. Cha tatu ndicho kilichomshinda kaka wa Moshi, kinataka anwani yenye %s ndani yake. Hiyo %s ni nafasi tu uliyoiacha wazi, brauza inaitoa na kuweka neno utakaloandika. Ya Gmail inakaa hivi:

```
https://mail.google.com/mail/u/0/#search/%s
```

Seivu, basi. Ukitaka kujua imekubali, andika gm kisha spesi, mwanzoni mwa baa patatokea kilebo kimeandikwa Search Imeili. Kilebo kisipotokea usibonyeze Enta, maana utakuwa unatafuta "gm weber" kwenye Google kama mtu mwingine yeyote na utaletewa magari. Kama spesi haifanyi kitu jaribu Tab, kuna setingi palepale inayochagua kati ya Tab peke yake au Tab na spesi.

Angalieni ile 0 kwenye anwani. Ni namba ya akaunti kwa mpangilio ulioingia kwenye hiyo brauza, ya kwanza ni 0, ya pili ni 1. Mtu mwenye imeili yake binafsi na ya ofisi pamoja anaweza kukuta anatafuta wageni kwenye imeili ya vikoba. Fungua imeili ya kazi, tazama juu imeandikwa u ngapi, weka hiyo. Na siku ukitoka kwenye akaunti zote ukaingia upya kwa mpangilio mwingine, namba zinabadilishana, so majibu yakija ya ajabu anzia kuangalia hapo.

Ukishazoea hiyo unatengeneza mdogo wake. Mimi nina gf, ya mafaili:

```
https://mail.google.com/mail/u/0/#search/has:attachment+%s
```

Hapo naandika gf weber, zinakuja imeili za Weber zenye kitu kimeambatanishwa tu, yaani kopi ya pasi, vocha, tiketi. Zile ndefu za "asante sana, na hali ya hewa ikoje" zinabaki nje. Hii ndiyo niliyomsomea kaka wa Moshi zile tarehe, hakuna uchawi.

Na nyingine ninayoipenda ni ya WhatsApp, kwa sababu sipendi kuseivu namba ya kila dreva wa siku moja, simu inajaa majina ya Juma Landkruza, Juma Noah, Juma wa KIA. Nimeipa wa, anwani yake:

```
https://web.whatsapp.com/send?phone=255%s
```

255 nimeshaiweka ndani, so naandika wa kisha namba bila ile sifuri ya mbele na bila kuachanisha tarakimu. Ukiweka sifuri WhatsApp itakuambia namba siyo sahihi, na utadhani dreva kakupa namba ya uongo kumbe ni sifuri yako. Lazima WhatsApp Web iwe imeshaunganishwa kwenye hiyo kompyuta. Namba za wageni wa nje hiyo haifai, wana kodi za simu za nchi zao.

Sasa kwa saiti nyingine yoyote hauhitaji kuniuliza anwani. Nenda kwenye hiyo saiti, tafuta neno ambalo haliwezi kuwepo humo kwa bahati mbaya, mi huwa natafuta parachichi, halafu tazama anwani juu. Ukiliona parachichi limekaa mle, futa hilo neno tu weka %s, kopi yote, kapesti kwenye kile kiboksi cha tatu. Zile takataka ndefu zinazofuata baada ya alama ya & mara nyingi unaweza kuzifuta, futa kipande kimoja kimoja ujaribu, ikigoma rudisha.

Kama parachichi halipo kwenye anwani, umetafuta na majibu yamekuja lakini juu pako vilevile, hiyo saiti inapeleka neno lako kwa chini bila kulipitisha kwenye anwani, na hapo %s haina pa kukaa. Usipoteze jioni nzima. Njia ya kuzunguka ni kuiambia Google itafute ndani ya hiyo saiti. Mi nina hii ya saiti ya TANAPA, nimeiita tnp:

```
https://www.google.com/search?q=site:tanzaniaparks.go.tz+%s
```

Naandika tnp mkomazi, naletewa kurasa za TANAPA zinazotaja Mkomazi. Ila Google inaona kurasa za wazi tu. Vitu vilivyo nyuma ya paswedi, kama akaunti yako ya bukingi, havitakuja humo hata ufanyeje.

Kuhusu kuchagua hizo herufi, jamani sikilizeni. Kuna dogo ofisini kwetu nilimfundisha, akaona herufi mbili hazina heshima, akaipa saiti yake neno zima, mlima. Wiki nzima akawa analalamika Google imeharibika, kila akitafuta "mlima kilimanjaro hali ya hewa" anatupwa kwenye ile saiti na majibu hamna. Si ndo ulichoiambia ifanye? Ukiandika mlima na spesi, brauza inajua umeita shotikati. Chagua kitu ambacho hakuna sentensi inaanza nacho, gm, gf, tnp, siyo ramani, siyo bei, siyo arusha. Ikikukamata kwa bahati mbaya bonyeza kufuta kurudi nyuma, kilebo kinatoka. Au weka ile setingi ya Tab peke yake, usumbufu unaisha.

Na hapa niwaseme kidogo wenzangu wa Arusha. Mtu analalamika kompyuta yake nzito, anachanga anunue laptopu mpya, ukikaa nyuma yake unakuta ana tabu za kumwaga, Gmail imefunguliwa mara nne kwa sababu kila akitafuta kitu anaanza mwanzo, na ukimwonyesha njia anakwambia "nitajifunza siku nikiwa na nafasi". Nafasi utaipata wapi na unaimaliza kwenye inboksi? Mimi nilichekwa kikaoni kwa hili jambo na sijasahau, lakini leo watu wananiandikia kutoka Moshi. Tengeneza moja tu leo, ya kitu unachotafuta kila siku, itumie mpaka mkono uzoee ndo uongeze nyingine. Ukitengeneza ishirini kwa mpigo utasahau zote kwa sababu hazina pa kuonekana mpaka uzikumbuke.

Wanaotumia Firefox njia ni tofauti kidogo. Unatengeneza bukumaki, kwenye URL unaweka ileile anwani yenye %s, na kwenye kiboksi cha Keyword unaweka gm. Ukifungua dirisha la bukumaki kwa Ctrl, Shift na O utakiona hicho kiboksi ukibonyeza bukumaki yenyewe. Uzuri wake, bukumaki isiyo na %s nayo inakubali Keyword, so neno moja na Enta linakufungulia ukurasa fulani, mfano jedwali la bukingi za mwezi.

Kwenye simu msinitafute, Chrome ya Android haina pa kuongeza hizi za kwako, hata kama zipo kwenye akaunti yako ya kompyuta. Dreva akinipigia niko kwenye daladala namwambia asubiri nifike ofisini.