Viatu vinavyoelea

"Nimefuta mandhari kwenye picha za viatu vyote 40, mbona vinaelea, tena ndala zinaonekana kubwa kuliko buti? Kuna aliyenishauri niongeze mwanga."

Dada, aliyekushauri uongeze mwanga amegusa nusu tu. Ulipofuta mandhari ulifuta na kivuli cha chini ya soli. Kirudishe: cheusi zaidi pale soli inapogusa chini, kikififia kuelekea nje, na kiangukie upande uleule katika picha zote.

Ukubwa umeharibika kwa sababu ulikata kila picha kwa kufuata kingo za kiatu, kisha kila kiatu kikajazwa kwenye fremu ya ukubwa uleule, ndiyo maana buti limesinyaa. Kama ulipiga zote kwa umbali mmoja, zipunguze kwa kiwango kimoja, uziweke kwenye fremu ya pikseli 2000 kwa 2000, soli zote zikanyage mstari mmoja.

Raba nyeupe ziwekee rangi nyeusi nyuma kwa muda, kingo zilizoliwa utaziona. Kwenye kamba, mandhari mimi bado naifuta kwa mkono.