Jimu Imefungwa, Kadi Bado Inakatwa

Jumatatu moja nilifika jimu yangu kule Ntinda, Kampala, nikakuta kufuli getini na karatasi iliyoandikwa kwa mkono: “Tumefunga.” Sikuhangaika, nikajua nimeachana nao. Tarehe tano simu ikalia: shilingi 180,000 zimekatwa, kama mwezi wowote ule. Barua pepe niliyowaandikia ikarudi, na namba yao haikupatikana.

Kumbe kampuni inaweza kufa huku mtambo wake wa malipo ukiendelea kuvuta hela. Idhini niliyowapa ya kukata kadi yangu kila mwezi ilikuwa bado hai. Kwa hiyo usipoteze wiki nzima ukimtafuta mwenye duka, nenda benki.

Hapo nami nilikosea. Karani aliniambia, “Nyabo, tukupe kadi mpya?” Nikakubali. Mwezi uliofuata wakakata tena, kwenye kadi mpya. Mitandao ya kadi ina huduma ya kumpelekea mfanyabiashara namba mpya, benki zikiwa zimejiunga nayo. Kinachotakiwa ni kuiambia benki, kwa maandishi, izuie malipo ya mfanyabiashara huyo, kwa jina lile lile linaloonekana kwenye taarifa ya akaunti. La jimu yangu halikufanana kabisa na la kibao chake.

Kisha nikajaza fomu ya kupinga malipo, sababu ikiwa “huduma haikutolewa”. Niliambatanisha picha ya geti lenye kufuli, barua pepe iliyorudi na mkataba. Dai la namna hii linapelekwa kwa benki iliyokuwa ikimpokelea mfanyabiashara fedha, kwa hiyo kufilisika kwake hakuliui. Ila kuna muda: kwa Visa kwa kawaida ni siku 120. Nilirudishiwa 360,000 zote. Kama ungekuwa unalipa kwa agizo la kudumu la benki, ungeweza kulisimamisha tu. Kilichokwishatoka, benki haina wa kumdai.

Kabla ya kujaza fomu, hakikisha kwamba biashara imefungwa kweli, haikuuzwa. Ukiona jina jipya kwenye taarifa ya akaunti na milango bado iko wazi, huenda mnunuzi amechukua mikataba. Huyo unamwandikia notisi ya kujitoa kama mkataba unavyosema. Ukipinga malipo wakati huduma bado ipo, utashindwa.

Iliyobaki ni ada ya mwaka niliyokuwa nimelipa mapema kwa fedha taslimu. Hiyo benki haiigusi. Niliuliza URSB, wanaosajili kampuni, nikaambiwa ameteuliwa mfilisi wa kugawa mali iliyobaki, nikampelekea dai langu na risiti. Lakini chini ya Sheria ya Ufilisi sisi wateja tusio na dhamana tunasubiri nyuma ya gharama za ufilisi na mishahara ya wafanyakazi, na benki iliyowakopesha ina dhamana yake mkononi. Mpaka leo sijaona hata shilingi.