Maswali na Majibu: Maboksi Mangapi Yatatosha Kuhamisha Nyumba?

Tuko watu wanne katika nyumba ya vyumba viwili vya kulala. Ninunue maboksi mangapi, na ya ukubwa gani?

Hesabu ya vyumba peke yake itakupotosha, kwa sababu familia mbili zenye vyumba sawa huweza kutofautiana kwa maboksi ishirini kutokana na vitabu na vyombo tu. Chukua futi ya kupimia, kalamu na daftari, kisha pita chumba kwa chumba ukifungua kila kabati na kila droo, na uandike urefu wa rafu zilizojaa, idadi ya droo na vitu vinavyovunjika. Kazi hiyo huchukua kama saa moja.

Saizi tatu zinatosha kwa sehemu kubwa ya nyumba. Dogo lina sentimita 40 kwa 30 kwa 30, yaani lita 36. La kati lina 45 kwa 45 kwa 40, yaani lita 81. Kubwa lina 45 kwa 45 kwa 60, yaani takriban lita 121. Vipimo vya wauzaji hutofautiana kidogo, lakini hesabu haiharibiki. Kinachoamua saizi ni uzito: kila boksi lisizidi kilo 20, ili mtu mmoja aweze kulibeba kwenye ngazi bila kuumia na kitako chake kisifunguke njiani.

Nyumba moja niliyoihesabu, yenye wakazi wanne na vyumba viwili vya kulala kama yako, ilihitaji maboksi madogo 11, ya kati 21, makubwa manne na mawili marefu ya kutundikia nguo. Jumla ilikuwa 38. Niliongeza takriban sehemu moja ya kumi, yaani dogo moja na ya kati matatu, tukafika 42. Jikoni peke yake lilichukua 11. Nitaitumia nyumba hiyohiyo katika majibu yanayofuata, ili uone kila tarakimu ilitoka wapi.

Nina vitabu vingi. Je, nikitumia maboksi makubwa sitapunguza idadi?

Utapunguza idadi, na hutapata wa kuyanyanyua. Mita moja ya rafu iliyojaa vitabu vya kawaida huwa na uzito wa kilo 20 hadi 25. Boksi dogo linaweza kumeza karibu mita nzima, lakini kwa kuwa tumeweka kikomo cha kilo 20, mimi huhesabu boksi dogo moja kwa kila sentimita 80 za rafu. Boksi kubwa lililojaa vitabu lingepita kilo 70.

Nyumba ya mfano wetu ilikuwa na kabati mbili za vitabu, kila moja ikiwa na rafu tatu za sentimita 80. Hizo ni mita 4.8, hivyo maboksi madogo sita. Ikiwa rafu zako zina vitabu vya picha vyenye karatasi nzito ya kung'aa, hesabu boksi moja kwa kila sentimita 60. Faili za ofisini na rundo la magazeti pia zihesabiwe kama vitabu.

Jikoni ndiko ninakokwama kila mara. Kabati ni chache, lakini maboksi hayatoshi kamwe. Kwa nini?

Kwa sababu vyombo huongezeka ujazo vinapofungwa, na makisio ya macho hayalioni jambo hilo. Chukua bilauri ya kawaida yenye upana wa sentimita 7 na kimo cha 12. Ikiwa kabatini inachukua takriban lita 0.6. Ikishaviringishwa katika karatasi mbili inakuwa na upana wa sentimita 10 na kimo cha 14, hivyo inahitaji lita 1.4, zaidi ya mara mbili. Vitabu hubaki na ujazo uleule na nguo hupungua zikibanwa. Vyombo vya kuvunjika ndivyo huvimba. Ndiyo maana jikoni hatuhesabu kwa urefu wa rafu, bali kwa kipande.

Tuanze na bilauri ndani ya boksi la kati. Weka tabaka la karatasi zilizofinyangwa, sentimita 5 chini na 5 juu, ukibaki na kimo cha sentimita 30. Hapo zinaingia safu mbili za bilauri zilizosimama. Pembeni napo pakiwa na mto mwembamba wa karatasi, kila safu hubeba bilauri nne kwa nne, yaani 16. Jumla ni bilauri 32, na boksi lote halifiki hata kilo 12. Kwa vyombo hivi nafasi ndiyo huisha kwanza, wala si nguvu za mbebaji.

Sahani hubadilisha hesabu. Zisimamishwe kwa ukingo kama vitabu kwenye rafu. Zikilazwa, zile za chini hubeba uzito wa zote na boksi likidunda ndizo hupasuka. Sahani kubwa ya sentimita 26 ikiwa imefungwa huchukua unene wa sentimita 3, hivyo kumi na mbili hupangika katika mstari mmoja wa boksi la kati, na pembeni yake panabaki nafasi ya mstari wa sahani ndogo kumi na mbili. Boksi hilo huwa na kilo 13 hivi, nami huliacha hapo hata kama linaonekana kuweza kupokea zaidi.

Familia ya mfano ilikuwa na sahani kubwa 12, ndogo 12, bakuli 12, bilauri 24 na vikombe 16. Sahani zote zilikuwa boksi la kwanza. La pili lilibeba bilauri zote pamoja na vikombe sita vilivyojaza pengo la safu ya juu. La tatu lilibeba bakuli na vikombe kumi vilivyosalia, ambavyo kwa ajili ya mikono yake hudai nafasi kubwa kuliko bilauri. Sufuria zilizopachikwa moja ndani ya nyingine zilikuwa maboksi mawili ya kati, na vifaa vya umeme mawili mengine ya kati. Mitungi ya viungo na vyakula vikavu ilikuwa mawili madogo, vijiko na visu dogo moja, na vyombo vya plastiki, ambavyo ni hewa tupu, kubwa moja. Hayo ndiyo maboksi 11.

Kama unaweza kupata maboksi yenye kuta za tabaka mbili, nunua matatu tu, kwa ajili ya maboksi matatu ya kuvunjika. Kwingineko huna haja nayo.

Nguo nihesabu vipi?

Kwanza toa masanduku ya safari uliyonayo, kwa sababu sanduku kubwa hubeba lita 90 au zaidi na halinunuliwi upya. Kwa zilizotundikwa, bana nguo kwenye fimbo ya kabati kisha upime urefu wa fimbo zinaochukua: boksi refu la kutundikia hubeba takriban sentimita 60. Zilizokunjwa, huhesabu droo mbili za kawaida kwa boksi moja la kati. Mito, mablanketi na mashuka ndiyo haki halisi ya boksi kubwa.

Karatasi na selotepu nakadiriaje? Mara ya mwisho nilibaki na mabunda mawili ya karatasi, huku selotepu ikiisha usiku.

Karatasi inafuata orodha yako ya vyombo, hivyo usiikadirie kabla ya kuhesabu jikoni. Karatasi tupu ya kufungia yenye sentimita 60 kwa 75 ndiyo kipimo changu. Bilauri na kikombe hupewa mbili kila kimoja, sahani hupewa moja na kila sahani tatu zikafungwa pamoja kwa nyingine moja, bakuli moja na nusu, na kila boksi la vyombo hupewa kama 12 za mito ya chini, juu na pembeni. Kwa familia yetu hiyo ilitoa karatasi 166, na pamoja na mitungi na birika zikawa 200. Niliongeza 100 za taa, fremu za picha na vitu vya bafuni. Karatasi 300 za aina nyepesi huwa na uzito wa kilo sita na nusu hivi, na hilo ni muhimu kwa kuwa mara nyingi huuzwa kwa kilo. Magazeti ya zamani yanafaa kwa mito ya chini tu, kwani wino wake huhamia kwenye sahani.

Ukipenda kutumia taulo na mashuka kama mito ya vyombo, ni busara, ila yafute kwenye hesabu ya chumba cha kulala. Vinginevyo utakuwa umeyahesabu mara mbili.

Kuhusu selotepu, kila boksi hupigwa mistari miwili chini na miwili juu, kila mmoja ukivuka ukingo kwa sentimita kumi pande zote mbili. Hiyo ni takriban mita 2.5 kwa boksi. Maboksi 42 yanahitaji mita 105, yaani roli mbili za mita 66. Nunua tatu, kwa sababu selotepu pia hufunga droo, karatasi na kila kitu ambacho hakikuandikwa mahali popote.

Nilihesabu 30 kwa uangalifu, yakaisha kabla sijamaliza nusu ya nyumba. Nilikosea wapi?

Huenda ulihesabu ulichokiona ukiwa umesimama mlangoni. Rudi utazame juu ya kabati za nguo, chini ya vitanda, nyuma ya milango, na hasa stoo. Katika nyumba ya mfano stoo ilidai maboksi manne ya kati, ilhali mwenyewe alikuwa ameniambia kwamba haina kitu.

Sababu ya pili ni kujaza nusu. Boksi lenye pengo juu hubonyea likipangwa chini ya jingine, na kumi yaliyojazwa nusu ni matano uliyonunua bure. Jipime mapema: funga chumba kimoja chote, linganisha na ulichoandika, na ukiona umetumia maboksi manane mahali ulipoandika sita, ongeza theluthi moja kwenye vyumba vilivyobaki kabla duka halijafungwa.

Nimepewa maboksi ya dukani yaliyotumika. Yanafaa?

Yanafaa kwa nguo, viatu na plastiki. Bonyeza kona kwa kidole gumba: ikibonyea na kubaki hivyo, karatasi imeshalegea na boksi hilo lisibebe vitabu wala vyombo. Yenye alama ya maji yatupe. Halafu yapange kwa saizi kabla ya kuyahesabu, kwa kuwa maboksi ya saizi tofautitofauti hayapangiki moja juu ya jingine ndani ya lori, na ishirini ya namna hiyo mimi huyahesabu kama kumi na tano.