Kupaka rangi juu ya nywele za kuretachi

"Nimeretachi Jumamosi, naweza kupaka rangi ya kahawia wikendi hii?"

Hapana dada, ngoja wiki 2 angalau. Rilaksa imeshavunja viungo vinavyoupa unywele nguvu, na kahawia ya kuonekana kwenye nywele nyeusi inahitaji peroksaidi, ambayo inaudhoofisha tena. Nimesuka na kuretachi watu River Road miaka minane. Mteja mmoja alipakwa siku ya nne. Alipooshwa, nywele za utosini zilibaki kwenye sinki, zimekatikia karibu na ngozi.

Kuna anayesema kwamba rangi nyeusi haina shida, naye yuko sawa nusu. Ile isiyochanganywa na kitu hutulia juu ya unywele tu. Ya chupa mbili ina peroksaidi vilevile.

Wiki 2 zikiisha, chukua unywele ulionaswa na chanuo, uloweshe, uuvute polepole. Ukirefuka kama bigijii bila kurudi, usipake. Ukirudi, jaribu kwanza kishungi kimoja cha kisogoni. Blichi mimi sipaki kabisa juu ya rilaksa, ingawa wenzangu wengine hupaka.